Vichwa vya chapa, safu za kalamu: OCR ya kawaida au modeli ya mwandiko?

Ukurasa ninaoutolea mfano unatoka kwenye kitabu cha mapokezi cha chama kimoja cha wakulima wa zabibu, upande wa Dodoma vijijini. Juu umechapwa kiwandani: jina la kitabu, neno "Tarehe:" likifuatiwa na vitone, kisha vichwa vya safu nane. Ni Na., Jina la Mkulima, Kijiji, Kreti, Uzito (kg), Bei, Jumla na Sahihi. Chini yake kuna mistari 22, nambari zake zimechapwa pembeni, na yote imejazwa kwa kalamu ya bluu na karani aliyekuwa amesimama kando ya mzani, kitabu kikiwa juu ya kreti na foleni ikimsubiri. Chama kilitaka vitabu hivi viingie kwenye kompyuta, ili mkulima akiuliza alileta kilo ngapi msimu wa Agosti jibu lipatikane bila kufunua kurasa mia mbili.

Anayeianza kazi ya namna hii hufika njia panda siku ya kwanza tu. OCR ni programu inayogeuza picha ya maandishi kuwa maandishi ya kompyuta. Upande mmoja kuna OCR ya maandishi ya chapa, kama Tesseract, ambayo ni ya bure na nyepesi, na ina hata faili la lugha ya Kiswahili. Upande wa pili kuna modeli zilizofundishwa kusoma mwandiko wa mkono, kama TrOCR, zile zinazoendeshwa na programu ya Kraken, au zile zilizomo ndani ya huduma ya mtandaoni ya Transkribus. Ya kwanza inasoma vichwa vizuri na kuharibu safu. Ya pili inajitahidi kwenye safu, ila ina matatizo yake ambayo hayaonekani mapema. Ipo pia njia ya tatu, ya kuzigawia kazi, nayo ina gharama yake.

Nitazipima zote tatu kwa mambo manne. Kwanza, inakosea vipi, na je, ikikosea inakuambia? Pili, inayawezaje majina ya kwetu na tarakimu? Tatu, inadai maandalizi kiasi gani kabla haijatoa kitu cha maana? Nne, inahitaji mashine gani, na taarifa za watu zinabaki wapi?

Kuna jambo la kuweka sawa kabla ya hapo, kwa sababu limewapotosha wengi, mimi mmoja wao. Watu hupima ubora kwa kiwango cha makosa ya herufi: unahesabu herufi zilizobadilishwa, zilizodondoshwa na zilizoongezwa, unagawa kwa idadi ya herufi zilizopaswa kuwepo. Karani ameandika "Chilongani", programu ikatoa "Chilangeni". Hapo makosa ni mawili kwa herufi kumi, yaani asilimia 20. Sasa chukua ukurasa wenye herufi 400 za chapa na 600 za kalamu, makosa 90 yote yakiwa kwenye kalamu. Ukipima ukurasa mzima unapata asilimia 9 na kufurahi. Ukipima kalamu peke yake ni asilimia 15, na hiyo ndiyo sehemu uliyoihitaji. Vichwa vya safu unavijua kabla hujafungua skana, kwa kuwa ni vilevile kwenye kila ukurasa wa kitabu. Kuvisoma sawasawa hakukuongezei taarifa yoyote. Kwa hiyo kila ninaposema "inasoma vizuri" hapa chini, nazungumzia visanduku vya kalamu, isipokuwa nitaje vingine.

OCR ya chapa

*Inavyokosea.* Tesseract ilianza kwenye maabara za HP miaka ya 1980, ikafunguliwa kwa umma mwaka 2005, na tangu toleo la 4 injini yake kuu ni mtandao wa neva unaosoma mstari mzima kwa mara moja. Pamoja na hayo imefundishwa kwa fonti, na mwandiko si fonti. Amri niliyoanza nayo ni hii:

```
tesseract ukurasa.png ukurasa -l swa --psm 11 tsv
```

Hiyo `--psm 11` inaiambia itafute maandishi popote yalipo, bila kudhani kuna aya. Neno `tsv` mwishoni linaleta jedwali lenye kila neno, mahali lilipo kwenye picha kwa pikseli, na safu ya `conf`, yaani kiwango cha uhakika kutoka 0 hadi 100. Mistari michache ya matokeo yangu, baada ya kupunguza safu, ilikuwa hivi:

```
left  top  width  height  conf  text
312   410  74     31      96    Jina
1288  412  96     33      93    Uzito
1301  538  81     47      21    2l7
318   541  203    58      8     Cltt~.
```

Vichwa viwili vya juu vimesomwa bila shida. "2l7" ilikuwa 217, na huo mchanganyiko wa mwisho ulikuwa jina la mtu. Kilichonivutia hapa ni kwamba OCR ya chapa ikikutana na kalamu huwa haijifichi: inatoa takataka zenye uhakika mdogo, au inaruka kisanduku kizima. Kati ya njia hizi mbili za kukosea, kuruka ndiko kunakouma, maana hakuachi alama yoyote kwenye faili. Njia ya kuligundua ni kuhesabu: ukurasa una mistari 22, je, nimepata thamani 22 kwenye safu ya uzito? Mistari ya jedwali nayo inaivuruga. Tarakimu 1 iliyogusa mstari wa wima humezwa, na mstari wa wima uliosimama karibu na 4 husomwa kama 1 au herufi l.

*Majina na tarakimu.* Kwa kalamu, isitegemewe. Isipokuwa karani aliyeandika kwa herufi kubwa zilizotengana, moja moja kama za chapa. Hapo hupata kitu cha kurekebisha. Tarakimu zilizoandikwa kwa utulivu ofisini hutoka nafuu kuliko zile za kando ya mzani, lakini nafuu hiyo bado si ya kulipia watu.

*Maandalizi.* Karibu hakuna. Picha ya dpi 300, yaani nukta 300 kwa inchi, iliyonyooka, vumbi likiwa limefutwa kwenye kioo. Kwa Dodoma hilo la vumbi silitaji kwa mapambo. Skana inayovuta karatasi yenyewe ikiingiwa na punje moja kwenye kioo chake chembamba, kila ukurasa unaofuata unapata mstari mwembamba wa wima kutoka juu hadi chini, na mstari huo ukipita kwenye safu ya kreti utaona 11 zikigeuka 111. Futa kioo kila baada ya kurasa ishirini hivi.

*Mashine na siri.* Laptopu yoyote, bila intaneti. Vitabu haviondoki ofisini.

*Inamfaa nani.* Mwenye kurasa ambazo chapa ndiyo habari na kalamu ni nyongeza: barua za zamani zilizopigwa taipu zenye maagizo ya mkono pembeni, risiti za mashine zenye sahihi, fomu ambazo nambari ya usajili imechapwa na ndiyo inayotafutwa. Huyo akihangaika na modeli ya mwandiko atakuwa anabeba mzigo usio wake.

Modeli ya mwandiko

*Inavyokosea.* Hapa ndipo panapohitaji uangalifu zaidi, kwa sababu modeli hizi hukosea kwa adabu. TrOCR, iliyotolewa na watafiti wa Microsoft mwaka 2021, ina sehemu mbili: moja inaitazama picha, nyingine inaandika maandishi kipande kwa kipande, kila kipande kikitegemea kilichotangulia. Hiyo sehemu ya pili inajua lugha. Ikishindwa kuona, inakisia kinachoelekea kufuata, na unachopata ni neno safi lenye sura ya kweli. Hakuna "Cltt~." ya kukushtua.

Mtego wa kwanza ni kuipa ukurasa mzima. TrOCR husoma mstari mmoja tu wa maandishi kwa wakati mmoja, na kila picha unayoipa inabanwa kuwa mraba wa pikseli 384 kwa 384. Ukurasa wa A4 wenye mistari 22 ukibanwa hivyo unakuwa ukungu, na modeli itatoa sentensi moja fupi isiyohusiana na chochote kilichomo. Nimewaona watu wakifanya jaribio hilo, wakakata tamaa na kusema modeli haifai, kumbe hawakuikatia picha. Kraken na Transkribus hazina mtego huu, kwa kuwa huanza kwa kutafuta mistari zenyewe. Lakini kwenye jedwali mara nyingi huunganisha safu jirani kuwa mstari mmoja, na hapo jina la mkulima, kijiji na kreti hutoka vimeshikana.

Mtego wa pili ni kisanduku kitupu. Mpe modeli kipande cha karatasi kisicho na wino, chenye kivuli tu cha maandishi ya upande wa nyuma, naye atakuandikia kitu. Dawa yake ni rahisi: kabla ya kumpa kisanduku, hesabu pikseli nyeusi au za bluu ndani yake, na zikiwa chini ya kiwango ulichojaribu mwenyewe, andika "tupu" na uendelee.

Mtego wa tatu ni vitu ambavyo si maneno. Karani wetu, kijiji kikijirudia, haandiki jina tena. Anaweka vialama viwili vidogo, '' , kumaanisha kama juu. Modeli huvisoma 11. Tarehe ya 3/8/2024 hutoka 31812024, kwa sababu mkwaju wake umesimama wima kama moja. Dole gumba kwenye safu ya sahihi hutoka kama neno. Haya yote hutabirika, na ukishayaona kwenye kurasa tano za mwanzo unaweza kuyawekea kanuni.

*Majina na tarakimu.* Modeli ya TrOCR ya mwandiko inayopakuliwa na wengi, `microsoft/trocr-base-handwritten`, ilimaliziwa mafunzo yake kwenye mkusanyiko uitwao IAM, ambao ni kurasa za sentensi za Kiingereza zilizonakiliwa kwa mkono. Kwa hiyo inajua mapindo ya kalamu, lakini haijui Kigogo wala Kiswahili. Jina linaloanza na Ch- au Mw- linaweza kuanza vizuri kisha katikati likavutwa kuelekea neno la Kiingereza. Tarakimu zina shida ya aina nyingine. Neno husaidiwa na herufi za jirani: ukiona "Hombo_o" unajua kinachokosekana ni l. Tarakimu haina jirani wa kuisaidia. Baada ya 2 yaweza kuja 1 au 7 na zote ni halali. Tena sentensi za nathari hazina tarakimu nyingi, hivyo modeli iliyofundishwa kwa nathari imeziona kidogo.

Hili linatibika kwa kuifundisha modeli kwa kurasa zako, na hapo kwa kweli hubadilika. Karani mmoja aliyejaza vitabu misimu mitatu ana 7 moja, ileile, yenye kistari katikati. Modeli ikishaizoea, kosa la 1 na 7 hupungua sana kwenye vitabu vyake. Karani akibadilika, kosa hurudi.

*Maandalizi.* Ni mengi. Lazima uwe na kurasa zilizonakiliwa kwa usahihi na binadamu ili modeli ijifunzie. Mwongozo wa Transkribus umekuwa ukitaja maneno 5,000 hadi 15,000 kwa modeli mpya ya mwandiko. Tuhesabu kwa kitabu chetu: kila mstari una jina la maneno mawili, kijiji, na nambari nne, yaani maneno saba. Mistari 22 ni maneno 154 kwa ukurasa. Kufikia 5,000 unahitaji kama kurasa 33, zilizochapwa na kuhakikiwa na mtu mwenye macho. Weka kando kurasa nyingine za kupimia, na ziwe za kitabu tofauti, ikiwezekana za karani tofauti. Ukipimia kurasa za kitabu kilekile ulichofundishia, utajiona umefika kumbe bado uko njiani.

*Mashine na siri.* TrOCR ya kati inaendeshwa hata na laptopu isiyo na kadi ya michoro, polepole. Kwenye yangu ni kati ya sekunde moja na mbili kwa kisanduku. Visanduku vya kusoma ni sita kwa mstari, yaani 132 kwa ukurasa, na kitabu cha kurasa 200 huchukua kati ya saa saba na kumi na tano. Unaiacha ikifanya kazi usiku. Kuifundisha ni habari nyingine. Hapo kadi ya michoro inahitajika, ya kwako au ya kukodi. Huduma za mtandaoni zinakuondolea tabu hiyo, lakini zinapokea picha zenye majina ya watu na pesa walizolipwa, pengine kwenye seva zilizo nje ya nchi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inagusa jambo hilo moja kwa moja. Zungumza na uongozi wa chama kabla hujapakia hata ukurasa mmoja.

*Inamfaa nani.* Mwenye kurasa nyingi, zilizojazwa na mikono michache, ambazo mpangilio wake unabadilikabadilika kiasi kwamba kiolezo kimoja hakiwezi kuzishika. Na mwenye maelezo marefu ya kalamu: taarifa za ukaguzi, mihutasari ya vikao, sehemu za "maoni". Huko modeli inayojua lugha inapata nafasi ya kuonyesha nguvu yake, mradi lugha hiyo iwe imefundishwa.

Kuzigawia kazi

Wazo ni hili: OCR ya chapa isitumwe kusoma, itumwe kutafuta mahali. Inakuambia neno "Uzito" limekaa pikseli ngapi kutoka kushoto na ngapi kutoka juu. Ukijua vichwa viko wapi, unajua visanduku viko wapi, maana kitabu kilichapwa kwa kipimo kimoja. Unakata visanduku, na kila kimoja unampa msomaji wa mwandiko.

*Inavyokosea.* Hukosea mahali pa maungio. Mara ya kwanza nilitumia vichwa vinne kama nanga za kunyooshea ukurasa: Jina, Kijiji, Uzito, Jumla. Mistari ya juu ilikaa sawa kabisa, lakini kufikia mstari wa kumi na tano visanduku vilikuwa vimeteleza nusu mstari, na uzito wa mkulima mmoja ukaangukia kwa jirani yake. Ilinichukua muda kuelewa. Vichwa vyote vinne vimepangwa kwenye mstari mmoja wa mlalo. Nukta zilizo kwenye mstari mmoja haziwezi kukuambia ukurasa umepinda vipi huko chini. Lazima uwe na nanga na chini pia. Nikaongeza nambari zilizochapwa pembeni, ya 1, 11 na 22, pamoja na maneno ya mguu wa ukurasa upande wa kulia, na mtelezo ukaisha. Kazi ya kunyoosha inafanywa na mistari hii miwili ya maktaba ya OpenCV:

```
H, _ = cv2.findHomography(nanga_picha, nanga_kiolezo, cv2.RANSAC, 5.0)
sawa = cv2.warpPerspective(picha, H, (upana, kimo))
```

Kosa la pili la maungio ni ukataji wenyewe. Ukikata palepale penye mistari ya jedwali unazikata j, g na y mikia, na Kiswahili kina herufi hizo tele. Mgogo anageuka Moooo machoni pa modeli. Ongeza pikseli 20 juu na chini, ambazo kwa skani ya dpi 300 ni karibu milimita mbili, hata kama utaingiza ncha za herufi za mstari wa jirani.

Kosa la tatu ni pale chapa na kalamu zinapokaa mstari mmoja, kama "Tarehe: ........". Hapo kukata hakutoshi, kwa sababu vitone viko chini ya tarakimu zenyewe. Rangi ndiyo iliyoniokoa. Chapa ni nyeusi, kalamu ni ya bluu. Ukiskani kwa rangi, unaweza kubakiza bluu peke yake na vitone vikatoweka. Ndiyo maana nasisitiza watu waskani kwa rangi hata kama faili linakuwa kubwa. Aliyeskani kwa nyeusi na nyeupe ameitupa taarifa hiyo na hairudi. Njia hii hugoma kwenye kurasa zilizojazwa kwa wino mweusi, na pale muhuri wa bluu wa chama unapopigwa juu ya tarakimu.

*Majina na tarakimu.* Faida kubwa ya kujua kisanduku ni cha safu gani ni kwamba unaweza kuikagua thamani yake kwa kanuni za safu hiyo. Safu ya Kreti haikubali herufi. Safu ya Kijiji ina vijiji ambavyo chama kinavijua, kwa hiyo kinachosomwa kinalinganishwa na orodha na kupewa kilicho karibu, kama tofauti ni ya herufi moja au mbili. Majina ya wakulima nayo yanalinganishwa na daftari la wanachama, ila hapo sikubali kompyuta ibadilishe yenyewe, kwa kuwa ndugu wawili wanaweza kutofautiana herufi moja.

Mstari wa tisa wa ukurasa wangu ndio ulionifundisha haya. Modeli ilisoma kreti 11, uzito 277, bei 1,400, jumla 303,800. Kila tarakimu ilionekana safi na uhakika wake ulikuwa wa juu. Lakini 277 mara 1,400 ni 387,800, si 303,800. Ukigawa jumla kwa bei unapata 217. Nilimwonyesha karani mzee aliyekijaza kitabu, nikiwa bado sijamwambia lolote kuhusu hesabu. Aliitazama skrini kidogo tu. "Mwanangu, huyu hakupima 277. Kreti kumi na moja haziwezi kubeba kilo hizo." Kwake kreti moja ya zabibu ni kama kilo ishirini, na kumi na moja hukaribia 220. Alikuwa amelikamata kosa bila kuangalia safu ya pesa kabisa. Tangu siku hiyo nina ukaguzi wa aina mbili: uzito mara bei lazima ulingane na jumla, na uzito gawanya kwa kreti lazima uangukie kwenye kiwango ambacho karani amekithibitisha. Mstari ukishindwa mmoja, unakwenda kwa mtu pamoja na picha ya kisanduku. Haurekebishwi na programu, kwa sababu karani mwenyewe naye huweza kukosea kuzidisha, na kosa lake ni sehemu ya kumbukumbu.

*Maandalizi.* Kiolezo kimoja kwa kila toleo la kitabu: unapima mahali pa nanga na visanduku mara moja, kazi ya nusu siku. Mchapaji akibadilisha upana wa safu kwenye toleo jipya, unapima upya. Hapo kuna kazi moja ya kweli ya kusoma ambayo OCR ya chapa inafanya: kusoma nambari ya toleo au neno lililoongezwa kwenye kichwa, ili programu ijue itumie kiolezo kipi. Mafunzo ya modeli bado yanahitajika, lakini yanaweza kugawanywa. Modeli ya tarakimu pekee ina alama kumi na chache za kujifunza, na huiva kwa mifano michache kuliko ile ya majina.

*Mashine na siri.* Vyote vinaendeshwa ofisini. Ukilazimika kutumia huduma ya mtandaoni kwa visanduku vigumu, unaweza kutuma kipande chenye "217" peke yake, bila jina la mtu yeyote pembeni.

*Inamfaa nani.* Mwenye fomu ya aina moja, nyingi, zenye tarakimu zinazobeba pesa. Haimfai mwenye lundo la karatasi ambazo kila moja ina sura yake. Huyo atatengeneza violezo mpaka msimu uishe.

Kwa hali yako

Kama unataka tu kutafuta, yaani kujua jina fulani limo kwenye kitabu gani, modeli ya mwandiko peke yake inatosha hata ikiwa na makosa mengi, kwa sababu utafutaji unaokubali herufi mbili kutofautiana utaliona jina lililokosewa. Ukurasa wa asili upo, utaufungua na kusoma mwenyewe.

Kama matokeo yatatumika kulipa au kudai, gawa kazi, weka ukaguzi wa hesabu, na panga mtu wa kutazama mistari iliyoshindwa. Pima makosa kwa mistari, si kwa herufi: mstari wenye tarakimu moja mbaya ni mstari mbaya.

Kama kalamu ipo pembeni tu na habari imechapwa, tumia OCR ya chapa, kisha tumia `conf` ndogo kama kengele. Maneno yenye uhakika wa chini yaliyojikusanya mahali pamoja mara nyingi ndipo mtu alipoandika kwa mkono. Kata vipande hivyo uviweke kwenye folda ya kusomwa na mtu.

Kama vitabu ni nakala za karatasi ya kaboni, zile za bluu iliyofifia, ujanja wa rangi unaweza kugoma, na modeli iliyofundishwa kwa kalamu halisi itashuka. Ulizia kwanza kama nakala ya juu ipo mahali fulani. Ikiwa haipo, mifano yako ya mafunzo itoke kwenye kaboni hizohizo.

Na kama una kurasa arobaini tu, usifundishe chochote. Kurasa 33 za mafunzo ungezichapa kwa mkono hata hivyo, na zinazobaki ni saba. Keti na karani, yeye asome kwa sauti, wewe uchape, na mweke ukaguzi uleule wa uzito, bei na kreti kwenye jedwali la kompyuta ili kosa lionekane mkiwa bado mezani naye.